Karatasi tatu za mkopo Mwaloni: kwa nini asilimia 24 ilikuwa ghali kuliko 27

Mfanyabiashara wa dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alikuwa na karatasi tatu za ofa za mkopo na swali moja: ipi nafuu? Alitaka shilingi 6,000,000 kwa mwaka mmoja, anunue mzigo mkubwa zaidi visiwani Ukerewe na asilazimike kuuza haraka bei inaposhuka. Mimi huwaandalia hesabu wafanyabiashara kadhaa wa pale, kwa hiyo karatasi ziliishia kwangu. Jina lake nalihifadhi, na wakopeshaji siwataji. Tarakimu ndizo zenye funzo.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya benki: riba asilimia 24 kwa mwaka, inayokokotolewa kila mwezi kwenye salio linalopungua, marejesho 12 yaliyo sawa, na ada ya mkopo asilimia 2.5 inayokatwa siku ya kutolewa fedha. Ya pili ilikuwa ya taasisi ndogo ya mikopo: riba "nusu asilimia tu kwa wiki", nayo kwenye salio linalopungua, marejesho 52 ya kila wiki, bila ada. Ya tatu ilikuwa mkopo wa msimu: riba asilimia 27 kwa mwaka, hakuna rejesho la katikati, deni lote na riba yake vinalipwa mara moja mwisho wa mwaka, na ada ni asilimia 1, nayo inakatwa mwanzoni.

Yeye alikuwa ameshazipanga. Nusu asilimia ilimvutia kwa udogo wake, ila alijua wiki ni nyingi, akazidisha kwa 52 akapata 26. Basi orodha yake ikawa benki 24, taasisi ndogo 26, msimu 27. "Kaka, si hesabu imekwisha hapo?" aliniuliza.

Alichofanya kuzidisha kwa 52 ndicho wanachofanya wakopeshaji wenyewe wanapoandika riba ya mwaka. Wanachukua riba ya kipindi kimoja, wanaizidisha kwa idadi ya vipindi, basi. Hiyo ndiyo riba inayotajwa. Haidanganyi, ila imeacha nje jambo moja: inaichukulia shilingi inayolipwa mwezi wa kwanza kuwa sawa na shilingi inayolipwa mwezi wa 12. Mtu wa Mwaloni hawezi kukubali hilo hata kidogo, kwa sababu shilingi ya mwezi wa kwanza angeizungusha kwenye mzigo mara kadhaa kabla mwaka haujaisha.

Riba halisi ya mwaka inarekebisha kasoro hiyo. Badala ya kuzidisha, unalimbikiza. Asilimia 2 kwa mwezi haiwi 24 kwa mwaka. Ni 1.02 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 12, unapata 1.2682, yaani asilimia 26.8. Nusu asilimia kwa wiki ni 1.005 ikizidishwa hivyohivyo mara 52, unapata 1.2961, yaani asilimia 29.6. Asilimia 27 inayohesabiwa mara moja tu kwa mwaka inabaki 27 ileile, maana hakuna kipindi cha katikati cha kulimbikiza.

Hapo alinikatiza, na pingamizi lake lilikuwa la msingi. Alisema kulimbikiza kunamhusu mtu asiyelipa. Yeye kila mwezi angelipa riba yote ya mwezi huo na sehemu ya deni, kwa hiyo hakuna riba inayozaa riba. Hiyo 26.8 inatoka wapi?

Ni kweli kwamba kwenye daftari la benki hakuna riba juu ya riba kwa mtu anayelipa kwa wakati. Gharama iko upande wa mkopaji. Chukua mkopo wa shilingi 100,000 ambao unalipia riba ya shilingi 2,000 kila mwisho wa mwezi, na deni lenyewe unalirudisha mwisho wa mwaka. Kwa kuhesabu noti umetoa riba ya shilingi 24,000. Lakini zile 2,000 za mwezi wa kwanza zimetoka mfukoni mwako miezi 11 kabla ya mwaka kwisha, za mwezi wa pili miezi 10, na kuendelea. Kama mkopo huu ndio unaokupa mtaji, basi kila shilingi unayoitoa mapema ina bei ileile ya asilimia 2 kwa mwezi. Ukizipeleka zote hadi mwisho wa mwaka kwa bei hiyo, jumla yake inakuwa shilingi 26,824. Anayelipa riba mara moja mwisho wa mwaka angekuwa sawa na wewe endapo angelipa 26,824, si 24,000.

Kwa hiyo kabla ya ada orodha ni benki 26.8, msimu 27.0, taasisi ndogo 29.6. Ile tofauti ya nukta tatu za asilimia, kutoka 24 hadi 27, kati ya benki na mkopo wa msimu imeyeyuka hadi chini ya robo ya nukta. Nusu asilimia iliyovutia kwa udogo imekwenda mkiani.

Niseme jambo kuhusu marudio ya kukokotoa riba, kwa sababu watu wakishalielewa wanaanza kuliogopa kupita kiasi. Asilimia 24 ikikokotolewa mara moja kwa mwaka ni 24. Kila miezi mitatu ni 26.2, kila mwezi 26.8, kila wiki 27.1, na kila siku ni 27.1 vilevile, imezidi kwa chembe. Kuna kikomo, na kwa riba hii kikomo hicho ni 27.12 hata ukikokotoa kila sekunde. Hatua kubwa ni kutoka mwaka kwenda mwezi. Kutoka mwezi kwenda siku ni theluthi ya nukta tu. Afisa mikopo akikuambia riba yao inahesabiwa kila siku, hapo si pa kugombana naye. Pa kugombana ni kwenye ada.

Ada ya benki ilikuwa asilimia 2.5 ya shilingi 6,000,000, yaani shilingi 150,000. Mtu akiiona anajumlisha 2.5 kwenye riba, anafika 29 na ushee, anaridhika. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa. Fedha zinazoingia kwenye akaunti yake ni 5,850,000, lakini marejesho yanapigwa kwa deni la 6,000,000: shilingi 567,358 kila mwezi. Na kwa kuwa kila rejesho linapunguza deni, hakai na shilingi milioni 6 mwaka mzima. Ukichukua wastani wa salio lake kwa miezi yote 12, ni kama shilingi 3,370,000. Ada imetozwa kwa milioni 6, lakini wastani wa fedha alizokaa nazo ni zaidi kidogo tu ya nusu ya hizo. Kwa makadirio ya haraka, ada ya mwanzoni kwenye mkopo wa mwaka mmoja wa marejesho sawa huwa na uzito unaokaribia mara mbili ya asilimia yake, na kulimbikiza kunaongeza tena juu yake.

Kuipata hesabu kamili hakuhitaji mtaalamu. Unatafuta riba ya mwezi ambayo inafanya marejesho 12 ya 567,358 yawe na thamani ya leo ya 5,850,000, kiasi alichopokea kweli, halafu unailimbikiza. Kwenye Excel au Google Sheets, hata ya simu, ni mstari mmoja:

```
=(1+RATE(12,-567358,5850000))^12-1
```

Jibu ni asilimia 33.2. Riba ya mwezi si 2 tena, ni 2.41. Ada ya asilimia 2.5 imepandisha riba halisi kutoka 26.8 hadi 33.2, nukta zaidi ya sita, wakati kukokotoa kila mwezi badala ya kila mwaka kulikuwa kumeongeza 2.8 tu.

Mkopo wa msimu nao una ada, shilingi 60,000. Anapokea 5,940,000, na baada ya mwaka analipa 7,620,000. Gawanya ya pili kwa ya kwanza unapata 1.2828, yaani asilimia 28.3. Ada ya asilimia 1 imeongeza nukta 1.3 tu, kwa kuwa fedha zote zilibaki kwake mwaka mzima. Taasisi ndogo haina ada, inabaki 29.6. Orodha imegeuka kabisa: msimu 28.3, taasisi ndogo 29.6, benki 33.2. Karatasi iliyokuwa na namba ndogo kuliko zote ndiyo ghali kuliko zote.

Nilidhani tumemaliza. Yeye akachukua kikokotoo akajumlisha shilingi, akanionesha simu. Benki: riba 808,000 na ada 150,000, jumla kama 958,000. Taasisi ndogo: rejesho la 131,320 kwa wiki mara 52, gharama kama 829,000. Msimu: riba 1,620,000 na ada 60,000, jumla 1,680,000. "Sasa kaka, unaniambia wa shilingi milioni moja na laki sita ndio nafuu?"

Swali hili ndilo linalowakwamisha watu wengi, na sipendi jibu la mkato linalosema eti jumla ya shilingi haina maana. Inayo, ila inajibu swali jingine. Jumla ya shilingi inakuambia utatoa kiasi gani. Riba halisi inakuambia unalipa bei gani kwa kila shilingi unayokaa nayo kwa kila siku unayokaa nayo. Kwa benki, baada ya rejesho la sita salio lake lingekuwa kama 3,178,000. Karibu nusu ya mtaji imesharudi benki, na mzigo wake wa nusu ya pili ya mwaka ungekuwa nusu ya ule aliokusudia. Kwenye mkopo wa msimu angezungusha milioni 5.94 mpaka siku ya mwisho. Ni sawa na kulinganisha aliyekodi mtumbwi mwaka mzima na aliyeukodi mwaka mzima lakini kila mwezi anarudisha ubao mmoja: wa pili ametoa fedha kidogo, lakini kufikia Desemba hana chombo.

Kipimo cha haki ni hiki: kama fedha anayorudisha kidogokidogo haina kazi kwake, yaani ingekaa tu ndani, basi jumla ya shilingi imwongoze. Kama kila shilingi ina kazi, riba halisi imwongoze. Nilimuuliza mzigo mmoja unachukua muda gani tangu kununua kisiwani hadi kuuza Mwaloni. Ulikuwa ukizunguka ndani ya mwezi, wakati mwingine chini ya hapo, na faida yake ya mzunguko mmoja ilizidi asilimia 3 bila shida. Kwa biashara ya namna hiyo, kurudisha mtaji kila mwezi ni kujinyang'anya faida.

Bado kuna jambo ambalo kanuni haioni, nalo ni ziwa lenyewe. Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi unapowaka, mwanga wa taa hauwavuti, na mitumbwi mingi inapumzika mpaka giza lirudi. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku mfululizo ambazo mzigo ni mdogo na bei ya kununulia iko juu. Rejesho la kila wiki halijui hilo. Karatasi ya taasisi ndogo ilikuwa na kipengele kwenye ukurasa wa nyuma: rejesho likichelewa, faini ni asilimia 5 ya rejesho hilo. Kwa rejesho la 131,320 faini ni kama 6,570, fedha ya soda na chakula cha vibarua, haitishi. Ila tukidhani wiki moja katika kila nne anachelewa kwa wiki moja, ni faini 13 kwa mwaka, kama shilingi 85,000. Nikiziingiza kwenye hesabu, riba halisi inatoka 29.6 na kukaribia 33. Kwa hali hiyo karatasi isiyo na ada inalingana na benki yenye ada. Hii si hata mikopo ya kausha damu. Ni taasisi ya kawaida yenye faini ya kawaida, imekutana na biashara ambayo mapato yake hayaji kila wiki.

Palikuwa na ofa ya nne ambayo hakuileta kwenye karatasi, aliitaja tu: jirani wa kibanda alikuwa amekopa mahali kwa asilimia 1.5 kwa mwezi. Nilimwomba amuulize jirani swali moja: riba ya mwezi wa mwisho ni sawa na ya mwezi wa kwanza? Jibu lilikuja kwamba ni sawa, shilingi ileile kila mwezi. Basi ile ni riba ya fleti, inayotozwa kwa mkopo wote wa mwanzo hata pale salio linapobaki dogo. Kwa shilingi 6,000,000 ingekuwa rejesho la 590,000 kwa mwezi, na riba yake halisi ni asilimia 36.8. Inatajwa 18. Hakuna marudio ya kulimbikiza yanayoweza kuitoa 18 hadi 36.8, kwa hiyo ukiona pengo kubwa namna hiyo ujue tatizo si marudio, ni kwamba riba inapigwa kwa fedha ambayo umeshairudisha.

Tulirudi benki kwanza, kwa sababu ndiko alikotaka kukopa. Hoja yetu ilikuwa rahisi: bila ada, riba yao halisi ni 26.8, inaushinda mkopo wa msimu. Tuliwaambia hata wakipandisha riba inayotajwa kutoka 24 hadi 25 wakaifuta ada, tunasaini. Kwa tarakimu ilikuwa ofa ya kweli, maana asilimia 25 bila ada inabaki chini kidogo ya 28.3. Afisa mikopo alitushangaa tunavyoomba riba ipande. Riba, alisema, inapangwa makao makuu. Anachoweza ni kuomba ada ipunguzwe nusu. Nusu ni shilingi 75,000, na riba halisi ikashuka hadi 29.9. Haikutosha. Na tulipouliza kuhusu kulipa mapema, alisema inaruhusiwa bila faini, ila ada hairudi. Nilipiga hesabu ya kumaliza mkopo mwisho wa mwezi wa tatu kwa ada ile ya kwanza: shilingi za riba zinapungua sana, lakini riba halisi inaruka hadi karibu asilimia 42, kwa kuwa ada ileile sasa imegawanywa kwa miezi mitatu badala ya 12. Anayepanga kulipa mapema ndiye anayepaswa kuichukia ada kuliko wote.

Mkopo wa msimu ulikuwa na hatari yake, na nilimwambia bila kuficha. Shilingi 7,620,000 kwa siku moja si mchezo. Hakuna rejesho la kila mwezi la kumshtua kama mambo yanaharibika, na masika mvua zinaweza kuozesha dagaa walioko kwenye chanja na kumla mtaji wakati deni linamngoja palepale. Mtu asiyeweza kutenga fedha bila kusukumwa, kwangu mimi, heri abebe zile nukta za ziada za benki. Yeye alikuwa na daftari la miaka kadhaa na akaunti ya pembeni asiyoigusa, na hilo ndilo lililoniridhisha, wala si tarakimu zangu.

Kabla hajasaini aliomba kipengele kimoja kiongezwe: akilipa kabla ya mwaka, riba ihesabiwe kwa miezi aliyokaa na fedha, si kwa mwaka mzima. Walikubali, kwa sharti la kutoa taarifa mwezi mmoja kabla. Akaniuliza kingekuwaje akimaliza mwezi wa nane. Riba ingekuwa asilimia 18 ya mkopo, angelipa 7,080,000 badala ya 7,620,000. Ameokoa 540,000, lakini riba halisi ya mwaka imepanda kutoka 28.3 hadi 30.1, kwa sababu ada imebanwa kwenye miezi michache na riba imelipwa mapema. Alifikiri kidogo, akasema akifika mwezi wa nane mzigo ukiwa hauzunguki atalipa, na ukiwa unazunguka atakaa nazo mpaka siku ya mwisho.